Kabla hujakuza picha ya marehemu babu kwa kompyuta, soma hapa kwanza

Mie nashughulika na picha za zamani hapa Unguja, watu wananiletea picha za wazee wao nizisafishe nizikuze wapate kuzitundika ukumbini, na hili nnalotaka kulieleza lilinitokea kwa picha moja tu ila tokea siku ile nimebadilisha kazi yangu yote.

Picha yenyewe alinitumia kijana mmoja wa Wete kwa WhatsApp. Wanaume kumi na nne wamekaa mkekani siku ya Maulidi, kanzu na kofia, nyuma yao mlango wa nakshi na ukuta wa chokaa, na juu ya mlango kitambaa kina maandishi ya Kiarabu. Mtu aliipiga kwa simu ile picha ya karatasi, akamtumia mwenziwe, mwenziwe akamtumia mwengine, mpaka inafika kwangu imebaki na pikseli 900 kwa 620, yani vile vidoti vya rangi vinavyounda picha. Babu yake ni wa tatu kutoka kulia, mstari wa mbele. Nikapima uso wa mzee, upana pikseli 22 na urefu 28, yani uso mzima ni pikseli 616 na jicho moja halifiki hata pikseli tano kwa upana.

Nikaipitisha kwenye programu ya kukuza picha inaitwa Real-ESRGAN, kukuza mara nne, na nikawasha na ile sehemu ya kutengeneza nyuso:

```
python inference_realesrgan.py -n RealESRGAN_x4plus -i picha.jpg --outscale 4 --face_enhance
```

Ikatoka picha nzuri ajabu, macho yanang'ara, ndevu unazihesabu moja moja, nikaituma nikiwa na furaha kabisa. Kesho yake usiku nikapigiwa simu na shangazi wa yule kijana, yani mtoto wa huyo mzee. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, alafu akaniuliza, "Huyu uliomweka pahala pa baba ni nani?"

Nikamwambia ndo yeye bibi, picha imesafishwa tu.

"Baba alikuwa chongo," akasema. "Jicho la kushoto, tokea mie sijazaliwa. Huyu wako ana macho mawili mazima."

Nikafungua ile picha ya mwanzo nikaitazama upya. Pahala pa jicho la kushoto pana pikseli nne tano za kijivu, na upande wa kulia vilevile kijivu, kidogo tu imekoza zaidi. Basi. Hapo hapana chongo wala jicho zima, pana rangi ya kijivu tu, na kila kilichokuja juu yake kimechorwa na programu.

Sasa ili uelewe kwa nini, chukua kipande kidogo cha picha kubwa, pikseli nne kwa nne, jumla kumi na sita, kisha ipunguze picha mara nne. Zile kumi na sita zinageuka pikseli moja, na hiyo moja inabeba wastani wa mwangaza wao, tuseme 120. Haya, sasa nikupe hiyo 120 peke yake nikwambie nirudishie zile kumi na sita. Zinaweza kuwa zote 120, yani ukuta mtupu. Zinaweza kuwa nane za 60 na nane za 180, zikawa mistari iliyosimama, au mistari iliyolala, au vidirisha kama vya bao la dama. Zote hizo ukizipunguza zinarudi 120 ile ile. Kwaiyo taarifa iliyotenganisha ukuta na mistari imeshapotea, haiko tena kwenye faili, na hakuna hesabu ya kuirudisha.

Programu hizi ndani yake zina mtandao wa nyuroni, yani hesabu zinazojifunza kwa mifano, na kinachofanywa na mtandao huo ni kukisia kwa mazoea. Waliotengeneza wanachukua picha safi nyingi sana, wanaziharibu kwa makusudi, wanatia ukungu, chenga, wanazibana kwa JPEG, wanazipunguza, kisha wanaupa mtandao ile mbovu uwarudishie ile nzima, wanalinganisha, wanausahihisha, mara maelfu kwa maelfu. Mwisho mtandao unajua kwamba kijivu cha namna hii kilichozungukwa na rangi za namna ile mara nyingi kilikuwa kitu fulani.

Na hapa pana jambo watu wengi hawalijui. Mitandao ya mwanzo mwanzo, kama SRCNN ya 2014, ilisahihishwa kwa kupima tofauti ya kila pikseli tu. Ukisahihishwa hivyo na hujui ni mistari iliyosimama au iliyolala, jibu la salama ni kutoa katikati ya yote mawili, na katikati yake ni ukungu. Picha zile zilikuwa laini hazina uhai lakini hazikusingizii sana. Baadae ikaja SRGAN, ikatiwa mtandao wa pili ambao kazi yake ni ukaguzi, unaoneshwa picha na unaamua hii ya kweli au ya kutengenezwa. Mchoraji, yani ule mtandao wa kwanza, sasa akitoa ukungu anakamatwa hapo hapo, kwaiyo inambidi achague kimoja, mistari iliyosimama, akichore kwa ukali kana kwamba alikiona. Mkaguzi haulizi kama ndivyo ilivyokuwa, anauliza kama inafanana na picha ya kweli. Ule ukali tunaoupenda sote umetoka hapo, na uzushi nao umetoka hapo hapo.

Nyuso ndo zaidi, kwa sababu ile `--face_enhance` inapeleka nyuso kwenye mtandao mwengine unaitwa GFPGAN. Kwanza kuna kifaa cha kutafuta uso, kikiupata kinakata kipande kinachouzunguka, kwenye picha yangu kilikuwa kama pikseli 45 kwa 45, kinanyooshwa macho yakae sawa, kinatanuliwa kuwa 512 kwa 512, kinachorwa upya, alafu kinabandikwa pale pale. Ukipiga hesabu, pikseli kama 2,000 za kweli zimegeuka 262,144, yani kila moja ya kweli imezaa kama 130 za kuchorwa. Na anaechora amejifunza kwenye mkusanyiko wa FFHQ, nyuso 70,000 zilizochukuliwa Flickr, tovuti ya watu kuweka picha zao, picha kubwa kubwa za watu wanaotazama kamera. Chongo humo ni nadra mno. Alama ya sijda kwenye paji la uso nadra vilevile, na kweli mzee wa pili kutoka kushoto alikuwa nayo, programu ikaiona uchafu ikamfutia.

Kisha shangazi akanionesha jambo mie mwenyewe sikuliona. Ukutani, kushoto kwa mlango, pametokea sura ya mtu. Ndogo, haina mwili, inatazama. Kile kifaa cha kutafuta uso kiliona madoa mawili meusi na doa la tatu chini yake, kikasema hapa pana uso, kikakata, kikapeleka, na GFPGAN haina jibu la "hapa hapana mtu", ukiipa doa inakurudishia uso.

Kofia nazo zilikuwa kofia za vito, na kila mmoja anajua kofia ya vito ina nakshi yake, matundu madogo madogo yaliyoshonwa kwa mkono kwa wiki nyingi. Kwenye picha ile tundu moja halifiki nusu ya pikseli. Kitu chochote kinachojirudia, kama mistari au matundu, ikiwa hakikupata angalau pikseli mbili kwa kila mrudio basi mpangilio wake haukuandikwa kwenye faili. Programu ikawashonea wote kumi na nne vijimajani vinavyofanana.

Lakini lililonitia hofu zaidi ni kile kitambaa. Waliosoma chuoni wanajua be, te na the umbo lao ni moja, tofauti ni nukta tu, moja chini, mbili juu, tatu juu. Nukta hizo hazikuwepo kwenye picha ya pikseli 900. Programu ikachora mikato mizuri inayofanana na maandishi, ikatia nukta inapopendeza, na ukisoma si neno. Hayo ni maandishi ya dini, nilikuwa nishaituma kwa watu watundike ukutani.

Si kila kitu kilikuwa uongo, hilo lazima niliseme. Fremu ya mlango, ukingo wa kanzu, pindo la mkeka vilitoka sawa, kwa sababu mstari mrefu unapita kwenye pikseli nyingi na kila moja inatoa ushahidi kidogo, zikikusanyika mtandao unajua mstari ulipopita. Tatizo ni vile vitu vidogo visivyo na ushahidi mwengine.

Kuna watu wanasema hakikisha kwa kuirudisha ndogo ulinganishe na ya mwanzo:

```
magick results/picha_out.jpg -filter Box -resize 25% rudi.png
```

Ifanye, inasaidia upande mmoja. Ikitofautiana sana ujue umezuliwa, ila ikifanana haijathibitisha chochote, kumbuka ile 120. Mwaka 2020 watu wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa PULSE, ambayo inatafuta uso mkali ambao ukipunguzwa unafanana na ule uliopewa. Mtu akaipa picha ndogo ya Barack Obama, ikamtolea mzungu. Ule uso wa kizungu ukipunguzwa ulirudi karibu sawa na picha ndogo, mtihani umepita, na mtu siye.

Mie siku hizi nafanya hivi. Naipunguza picha ya mwanzo mpaka asilimia 90, naikuza tena ifikie ukubwa ule ule, naweka matokeo mawili moja juu ya jengine, la juu nawasha nazima. Kinachobadilika, kama nakshi ya kofia ikawa nyengine, hicho ni cha kuchorwa. Kisichobadilika bado sikiamini moja kwa moja maana mtandao unaweza kurudia kosa lile lile mara mbili. Uso ulio chini ya pikseli 60 upana siuwashii `--face_enhance` kabisa, hicho ni kipimo changu mwenyewe cha uzoefu. Na kabla ya yote naomba picha ya karatasi, ikishindikana naomba watume kwa WhatsApp kama dokumenti, si kama picha, isibanwe.

Ile ya Wete ilikuwepo kwenye albamu ya shangazi, sentimita 13 kwa 9. Akampa mtu wa boti aniletee. Nikaiskani kwa 600 dpi, yani pikseli 600 kwa kila inchi, ikatoka pikseli zaidi ya 3,000 kwa upana, na uso wa mzee sasa una kama 75. Nikaikuza mara mbili tu bila kugusa nyuso. Ina chenga na mzee haoneshi ndevu moja moja, lakini jicho la kushoto limefumba na ukope umezama ndani. Kitambaani nukta nyingi zinasomeka, mbili tatu hazisomeki na nimeziacha hivyo hivyo. Na pale ukutani palipotokea ile sura, ni chokaa imebanduka pahala patatu, jiwe linaonekana.