Una vidokezo vitano vya wimbo unaoutafuta? Anza na ulichokisikia kwa sikio lako

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro aliniandikia inboksi, message ndefu kweli, anatafuta wimbo ambao marehemu baba yake alikuwa anaupenda. Jioni ileile nikaupata. Nimefurahi mno, na sitaficha kwamba nimefurahi, maana aliuliza kwenye magrupu ya wasap kwa muda mrefu sana na watu wakawa wanamtumia nyimbo ambazo siyo. Kwa hiyo leo naeleza jinsi nilivyofanya, na najua nyie mnaonifuata hapa mna ugonjwa huuhuu wangu, wimbo ukikuingia kichwani bila jina hulali.

Vidokezo alivyonipa ni hivi. Moja, wimbo ni wa Mbaraka Mwinshehe, hilo alilisema kwa uhakika kabisa. Mbili, ni wa 1986, kwa sababu ulipigwa kwenye harusi ya mama yake mdogo mwaka huo. Tatu, kaseti ya baba iliandikwa kwa kalamu "Simba Wanyika". Nne, kuna mwanaume anamlalamikia mwanaume mwenzake, kitu kama "chuki za nini bwana unataka kuniua bure". Tano, magitaa matamu halafu wimbo unakatika ghafla.

Sasa watu wengi hapo wanakimbilia namba moja, kwa sababu ni jina la mtu na jina linaonekana kama kitu kizito, unaandika Mbaraka Mwinshehe kwenye YouTube unaanza kusikiliza moja baada ya nyingine mpaka usiku wa manane. Yeye ndicho alichofanya. Mimi kabla sijaandika herufi hata moja nilimuuliza, dada, hilo la Mbaraka ulilijuaje? Akajibu, "Baba alimpenda sana Mbaraka, na si unajua huku ni Morogoro." Basi. Hapo nikajua hicho siyo kidokezo, hayo ni makisio. Hakuna mtu aliyemwambia wimbo ule ni wa Mbaraka, alijumlisha mwenyewe kwamba baba mpenzi wa Mbaraka plus wimbo wa baba sawasawa na wimbo wa Mbaraka. Ukikulia Morogoro kila wimbo mzuri wa zamani unakuwa wa Mbaraka, kuanzia enzi za Morogoro Jazz mpaka Super Volcano.

Kwa hiyo kila kidokezo nakiuliza kwanza kimetoka wapi. Kuna vilivyotoka ndani ya wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti, sikio lako ndilo shahidi. Kuna vilivyotoka nje, mwaka, mwimbaji, redio, nani alikuwepo, na hivi mara nyingi vimepita kwenye midomo ya watu au umeviunga mwenyewe miaka kumi baadaye bila kujua kwamba unaunga. Vya ndani ndivyo vinatangulia. Halafu kati ya hivyo vya ndani nauliza tena, hiki kiko kwenye nyimbo ngapi? "Mpenzi nakupenda" umeisikia kwa uhakika asilimia mia lakini haina kazi, iko kwenye nusu ya nyimbo za Kiswahili. Mtu kumwambia mwenzake asimuue bure, hiyo ni adimu. Namba nne ikapanda juu.

Lakini namba nne nayo usiimeze nzima. Aliniandikia sentensi ndefu na mimi nikaona haikai kwenye mdundo wowote, ni sentensi ya mtu anayesimulia wimbo. Nikamwomba anitumie voisi, aimbe asisome. Aisee hapa ndipo penye utamu. Alipoimba, "chuki za nini" ikawa inababaika, mara chuki mara hasira, sauti inapanda inashuka anatafuta. Ila alipofika "kuniua bure" ikatoka moja kwa moja na tuni yake, na tena hakuimba "unataka", aliimba "wataka", bila hata kujua kwamba amebadilisha! Kichwa kikisimulia kinarekebisha maneno yawe ya kawaida ya leo, mdomo ukiimba unayaacha yalivyokuwa. Kipande kinachotoka na tuni yake bila kufikiria ndicho unachokisachi, vile anavyobabaikia unaviacha kwanza.

Nikaandika Google hivi, na alama za kufunga na kufungua zikiwepo ili itafute maneno yaliyofuatana vilevile:

```
"wataka kuniua bure"
```

Maneno matatu tu. Ukiweka sentensi nzima ndani ya alama hizo, neno moja ulilolisikia vibaya linaua kila kitu, na ukiandika bila alama unaletewa habari za mauaji za magazetini. Matatu mpaka matano yanatosha. Na kama hayajaleta kitu badilisha tahajia kabla hujabadilisha kidokezo, maana wanaoandika maneno ya nyimbo mtandaoni kila mtu anaandika anavyosikia, mmoja "we bwana", mwingine "ewe bwana", mwingine kaunganisha kila kitu.

Likaja jina, Sina Makosa, Les Wanyika. Wengi wenu hapa mmeshajua zamani mnacheka, lakini kumbukeni yeye alikuwa anatafuta Mbaraka.

Sasa ona vile vidokezo vingine vinavyojipanga vyenyewe ukishakuwa na jina mkononi. Kaseti iliyosema Simba Wanyika ilikuwa inasema nusu ya ukweli. Simba Wanyika ni bendi ya ndugu wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, vijana wa Tanga waliohamia Nairobi. Mwaka 1978 wanamuziki wake kadhaa, akiwemo Omar Shabani wa gitaa la ridhim na Tom Malanga wa besi, wakajitoa wakaanzisha Les Wanyika, na John Ngereza ndiye akawa sauti yao. Baadaye yupo Issa Juma na Super Wanyika Stars. Yaani ni ukoo mzima, na aliyekopi kaseti ya baba labda alijaza nyimbo za ukoo wote akaandika jina la bendi ya kwanza. Kama ningeanza na namba tatu ningekuwa karibu na nyumba lakini nagonga mlango wa jirani. Kwa hiyo jina la kwenye kaseti ya kukopi ni la kutafutia mtaa, siyo nyumba.

Mwaka je? 1986 ilikuwa kweli, harusi ilifanyika, picha zipo. Lakini huo ni mwaka wa harusi! Wimbo ulikuwa unatamba tangu mwishoni mwa miaka ya sabini. Mwaka uliosikia wimbo unakuambia kitu kimoja tu, kwamba wimbo hauwezi kuwa wa baada ya hapo. Kurudi nyuma unaweza kurudi hata miaka ishirini. Huwa nautumia mwishoni, kukata majina, siutumii kutafutia. Na huyo Mbaraka alifariki kwa ajali Januari 1979, kwa hiyo mtu akikuambia "ni Mbaraka wa 1986, ulikuwa mpya kabisa" ujue angalau kimoja kati ya hivyo viwili hakisimami, kabla hata hujafungua simu.

Halafu kile cha kukatika ghafla, ambacho yeye alikiweka mwisho kama hakina maana, kwangu kilikuwa dhahabu ya kuhakikishia. Santuri ndogo za Nairobi zamani zile upande mmoja ulibeba dakika chache tu, sasa wimbo mrefu ulikatwa, nusu upande wa kwanza, nusu upande wa pili. Watu wengi wanaokumbuka wimbo wa zamani wanakumbuka nusu moja. Ndiyo maana mtu unamtumia wimbo sahihi, anasikiliza sekunde ishirini za mwanzo anakujibu "siyo huu" na anaendelea kutafuta wimbo ambao amekwishaupata. Mimi sikumtumia mwanzo. Nilimtumia kipande cha katikati, bila jina, bila kumwambia nadhani ni huu, nikauliza tu unasemaje. Ukimwambia jina kwanza atasikia anachotaka kusikia. Alinipigia analia, sikuweza hata kuongea naye vizuri.

Nilipoliweka jibu kwenye grupu moja la wazee wa muziki (walewale waliokuwa wanamtumia dada wa watu nyimbo ambazo siyo) mtu akajibu "si tulisema ni Wanyika". Hawakusema. Na kuna mtangazaji, simtaji, aliwahi kuchukua kazi yangu ya wimbo mwingine akaisoma hewani kama kafanya yeye, ile bado inaniuma mpaka leo. Ndiyo maana sasa naandika njia yote, jibu mtaiba ila njia mtaiona imetoka wapi. Na nyie mnaojibu watu kwenye magrupu kwa sauti kubwa, acheni kumpa mtu jina la mwimbaji kama hamna uhakika, mnamharibia kumbukumbu, kesho atasema alilijua tangu utotoni.

Jambo jingine lazima niliseme, maneno yanakupa wimbo, hayakupi rekodi. Shauri Yako ukiisachi kwa maneno utapata Super Mazembe, na wengi wanaishia hapo, wakati mwenyewe wa kwanza ni Nguashi N'timbo. Kama unayoitafuta wewe ni ile ya kwanza, hapo sauti na vyombo ndivyo vinaamua, maneno yamemaliza kazi yake.

Na kama huna maneno kabisa, una tuni tu, basi tuni inapanda namba moja, ila chagua chombo sahihi. Shazam inalinganisha rekodi yenyewe, ukiipigia mluzi haikuelewi. Kutafuta kwa kuvumisha kupo kwenye app ya Google tangu 2020, vumisha kiitikio, siyo solo ya gitaa.

Ukishasachi kipande chako kizuri kwa tahajia zote na hakuna kitu, usikimbilie kusema ulisikia vibaya. Nyimbo nyingi za bendi za Dar zilirekodiwa na Radio Tanzania kwenye tepu za studio yao, na nyingine hazikuwahi kutoka kwenye santuri, kwa hiyo hakuna aliyeziandika maneno mtandaoni. Hapo ndipo vile vidokezo vya nje vinapata kazi, na cha kwanza ni bendi gani ilikuwa inapiga kwenye ukumbi wa mtaani kwenu, halafu umtafute mtu aliyekuwa anaenda, umwimbie kile kipande, bila kumtajia jina lolote.