Bega la kulia linachoma nikiogelea fristaili

Swali: Nina miaka 38, naogelea fristaili na kupumua upande wa kushoto tu. Nilikuwa naogelea mita 1,500 mara tatu kwa wiki. Mwezi uliopita nilipanda hadi mita 2,400 mara tano, nikaanza na vibao vya mikononi. Sasa bega la kulia linachoma kwa mbele kila mkono unapoingia majini na kuanza kuvuta. Niache kuogelea?

Jibu: Usiache, ila vibao viweke kando leo hii. Umetoka mita 4,500 kwa wiki ukaruka hadi 12,000, tena ukauongezea mkono mzigo. Bega gani lingekaa kimya?

Inua mkono kwa pembeni, polepole, hadi juu. Maumivu yakija karibu na usawa wa bega kisha yakapungua ukiendelea kupanda, inaelekea kano inayosaidia kuinua mkono inabanwa chini ya ncha ya mfupa wa bega. Kano iliyochoshwa ghafla hukasirika, na kila mzunguko wa mkono huichokoza upya.

Kwa nini kulia, na si kushoto? Ukigeuza uso kushoto, mkono wa kulia ndio uko mbele, na wengi huuegemea kama fimbo ili kichwa kisizame. Hapo huukandamiza chini ukiwa umenyooka, au huteleza na kuvuka mbele ya uso. Mwombe mwenzako akurekodi kwa simu akiwa mbele yako. Mkono uingie sambamba na bega, vidole vikitangulia na si kidole gumba, kisha kiwiko kibaki juu ya kiganja unapoanza kuvuta. Kiwiliwili nacho kizunguke pamoja na mkono, maana ukilala bapa, bega hulazimika kufanya kazi yote peke yake. Jifunze pia kupumua kulia, hata kama wiki ya kwanza utakunywa maji.

Kwa sasa ogelea mita 1,200 mara tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Kipimo changu ni hiki: maumivu yasipite 3 kati ya 10, na asubuhi yake yawe yameisha. Yakibaki, punguza robo. Wiki mbili zikipita salama, ongeza takriban mita 400 kwa wiki. Siku za mazoezi ya miguu usishike kibao cha kuelea kwa mikono iliyonyooshwa, maana ni mkao uleule unaolibana bega. Weka mikono ubavuni.

Nchi kavu, funga mkanda wa mpira unaovutika mlangoni, kiwiko kikae ubavuni kwa pembe mraba, uzungushe mkono kwenda nje mara 15, seti tatu, siku tatu kwa wiki. Kano hujengeka kwa miezi, si siku.

Ukiumwa usiku hata ukiwa umetulia, mkono ukikosa nguvu au kufa ganzi, au wiki sita zikipita bila nafuu, nenda ukapimwe ana kwa ana.