Maliza Kwanza Hii, Yako Utafanya Baadaye

Siku hizi wazazi wengi hawakatai waziwazi. Mtoto akisema anataka kuchora, kupiga muziki au kubuni mavazi, anajibiwa kwa upole: maliza kwanza shahada hii, ukishika cheti mkononi fanya unachotaka. Baba aliniambia hivyohivyo. Yeye alitaka niwe mhasibu, mimi nilitaka kuchora picha za vitabu vya watoto. Kwa aliye mahali pale nilipokuwa, nasema hivi: usiikatae ahadi hiyo kwa hasira, lakini usiipokee kabla hujajua safari yenyewe inaishia wapi.

Uhasibu hauishii kwenye shahada. Baada ya chuo kuna mitihani ya bodi ya wahasibu, inayofanywa kwa ngazi, na wengi huisomea jioni wakiwa tayari wameajiriwa. Juu yake unadaiwa uzoefu wa kazi kabla hujasajiliwa. Daktari naye akitoka chuoni anakwenda kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi, halafu ndipo watu wanaanza kumuuliza habari za ubingwa. Kwa hiyo kila ukifika ngazi moja, mzazi anaweza kukuambia kwa nia njema kabisa kwamba imebaki hii moja tu. Mshahara nao ukianza kuingia, wadogo zako wanasubiri ada. Hakuna aliyekudanganya hapo. Ni kwamba ahadi haikuwekewa tarehe.

Pia uliza kama ndoto yako inaweza kusubiri. Uandishi unasubiri. Mpira wa miguu na dansi havisubiri, kwa sababu vinategemea mwili wa kijana. Uchoraji uko katikati: umri haukuzuii, ila mkono usiofanya kazi unakuwa mzito, hivyo unahitaji saa za mazoezi kila wiki hata katikati ya mitihani. Na hapa niwatetee wazazi kidogo. Mtoto wa sekondari akiacha kemia na baiolojia, kurudi kwenye udaktari ni shida kubwa, wakati aliyebaki nazo bado anaweza kuwa mchoraji. Mzazi anayemshikilia mtoto wa miaka 15 asiache sayansi anamwachia mlango wazi. Anayemchagulia kozi kijana wa miaka 19 anafanya jambo jingine kabisa.

Mimi na baba tulikuwa hatuwezi kulizungumza jambo hili bila sauti kupanda, kwa hiyo nilimwendea shangazi, dada yake mkubwa. Yeye ndiye aliyegundua kwamba baba hana ugomvi na picha. Ila hajawahi kumwona mchoraji akilipwa. Basi shangazi akatafuta mchoraji wa vitabu, akamwomba atupokee, na baba akaja, amenuna.

"Kazi ikikosekana, mwanangu, unakula nini?" baba aliuliza hata kabla hajakaa vizuri.

Yule bwana hakujisifu. Alifungua droo akatoa mkataba: malipo kwa kila picha, sehemu yake ikitangulizwa kabla hajaanza, na idadi ya marekebisho ambayo mteja anaruhusiwa kuomba bila kuongeza pesa. "Miezi mikavu ipo, mzee," alisema. "Nafundisha wanafunzi, na sili pesa ya kazi kubwa yote mara moja." Baba aliusoma ule mkataba mpaka mwisho. Mtu wa hesabu akikutana na karatasi yenye masharti, kidogo anatulia.

Hakubadilika siku ile, wala sikutegemea. Tulichokubaliana mbele ya shangazi ni kwamba shahada naimaliza, ila mitihani ya bodi siigusi kwa mwaka mzima baada ya kuhitimu. Mwaka huo ni wa kutafuta kazi za kuchora nikiwa nyumbani. Wakati wa masomo, Jumamosi ni ya mazoezi, na haulizwi mtu. Mwaka ukiisha bila kazi yoyote ya kulipwa, nafanya mitihani bila kinyongo. Tuliyaandika. Mwenzangu, andika! Mzazi husahau, na mtoto husahau zaidi.

Leo nachora, na miezi mikavu nawatunzia watu hesabu zao. Baba bado hunitambulisha kwa wageni kama mhasibu.

Wapo wazazi wasiosikia shangazi wala mchoraji, wanaosema ukiacha kozi hii ada nasitisha. Kwa huyo, kabla hujasema lolote nyumbani, nenda ofisi ya usajili chuoni ukaulize mwisho wa kuhama kozi ni lini, na masomo uliyokwisha kufaulu yatahesabiwa au la. Vyuo vingi huruhusu kuhama mapema katika mwaka wa kwanza. Ukichelewa, mara nyingi unaanza upya. Ukishapata majibu hayo, ndipo utajua unamwomba mzazi miezi mingapi ya ada, au kama ni nafuu ukamilishe kozi uliyonayo.