Mabegi na simu nje ya ukumbi wa mtihani: zikipotea nani anawajibika?

"Wakuu, mdogo wangu kaacha begi nje ya ukumbi wa mtihani chuoni, katoka simu haimo. Chuo kinasema hakihusiki. Kwa nini wasingemruhusu aingie nayo imezimwa? Na nani analipa?"

Mkuu, mpe pole mdogo wako. Nimesimamia mitihani ya chuo, nakueleza ninavyoijua hali yenyewe.

Simu iliyozimwa na iliyowekwa kimya zinafanana mfukoni. Ukumbi una watahiniwa mia na zaidi, wasimamizi wachache, na mtu akiomba kwenda msalani huwezi kumfuata hadi ndani. Huko ndiko picha ya swali hutumwa na jibu hupokelewa. Ndiyo maana kanuni za vyuo vingi haziulizi kama uliitumia: kukutwa nayo tu ni kosa, na adhabu inaweza kufika kufukuzwa chuo. Begi nalo hubeba daftari, tena huziba njia kati ya madawati.

Kuhusu malipo, swali la kwanza ni hili: kuna mtu aliyeipokea? Begi likiegemezwa ukutani barazani, hakuna aliyekabidhiwa, na tangazo la "mali ni kwa dhima ya mwenyewe" linakibeba chuo. Lakini mlinzi au msimamizi akilichukua na kukupa namba, mambo yanabadilika. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida anavyotunza yake.

Niliona hilo kwa macho yangu. Idara moja ilikusanya simu kwenye bahasha, kila moja ikaandikwa namba ya usajili, na mwanafunzi akasaini. Moja haikuonekana mwishoni. Idara ililipa, kwa sababu saini ya kupokea ilikuwepo na ya kurudisha haikuwepo. Barazani kwenyewe, wizi mwingi niliousikia ulitokea pale wanaowahi kumaliza wanapoanza kutoka: mtu anainama kwenye lundo, anafungua zipu, na mlinzi hajui begi ni la nani.

Kwa hiyo mdogo wako aulize mambo mawili: mlangoni alikuwepo nani, na akina nani walitoka kabla yake. Mara nyingi wasimamizi huandika muda wa kukusanya karatasi. Aandike barua kwa ofisi ya mitihani mapema, kabla picha za kamera, kama zipo, hazijafutwa.

Ila kabla ya barua, apige huduma kwa wateja wafunge laini, maana pesa za simu zinaweza kuhamishwa leo hii. Kisha aende polisi na boksi la simu, namba ya IMEI imeandikwa pale, afungue taarifa ya wizi na achukue namba ya RB. Asikubali kuandikiwa taarifa ya kupotea tu wakati simu imeibwa.

Karatasi inayofuata aiache simu hosteli kwa mtu anayemwamini.