Mayai yaliyopita tarehe na kipimo cha maji

"Nina trei ya mayai hapa Kirumba, tarehe imepita siku tano. Bado yanalika? Na yakizama majini ndiyo mazima?"

Ndugu, yanalika iwapo yalikaa kwenye friji na maganda hayana ufa, kwa kuwa tarehe ile huonyesha muda wa ubora zaidi kuliko siku ya kuharibika. Kwa joto letu la Mwanza, trei iliyokaa juu ya kabati huzeeka haraka zaidi, hata tarehe ikiwa ile ile.

Kipimo cha maji ni cha kweli, ila kinapima umri tu. Ganda lina vitundu vidogo ambamo unyevu wa ndani hutoka na hewa huingia, hivyo nafasi ya hewa kwenye ncha butu hupanuka: yai jipya hulala chini, la wiki kadhaa husimama palepale chini, na la zamani huelea. Hata hivyo, yai lenye bakteria wa salmonela linaweza kuzama vizuri na lisitoe harufu yoyote, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya.

Vunja kila yai kwenye bakuli la pembeni. Likinuka, au ute ukiwa na rangi ya waridi au kijani, litupe. Mengine yapike mpaka ute na kiini vigande. Uliyoyalowesha yapike siku hiyo hiyo, kwa sababu ganda likilowa vijidudu hupenya kwa urahisi zaidi.