60 mbili kwenye swali moja: dopamini ya kwenye picha yako

"Wakuu, habari za saa hizi. Picha hii ni mtihani wetu wa majaribio, hesabu za dawa. Swali la 1 na la 2 nimepata, la 3 mwalimu kaweka kosa bila maelezo. Nimerudia mara nne na kila mara napata 0.375. Nani anaweza kuniambia nimekosea wapi?"

Mdogo wangu, hiyo 0.375 ni sahihi kabisa, isipokuwa ni ml kwa dakika. Wewe umeiandikia "kwa saa".

Twende taratibu. Nimeikuza picha hadi macho yakauma, kwa sababu kikunjo cha karatasi kimepita juu ya kipimo na mara ya kwanza nilisoma mg badala ya mcg. Ukifika hapo usikisie, jaribu hesabu. Kama ingekuwa 5 mg kwa kila kilo kwa dakika, mgonjwa wa kilo 60 angehitaji 300 mg kila dakika, na mfuko mzima una 200 mg tu. Ungeisha ndani ya sekunde 40. Kwa hiyo ni mcg, hakuna ubishi, na swali linasomeka hivi: mgonjwa wa kilo 60, dopamini 5 mcg/kg/min, 200 mg zimewekwa kwenye mfuko hadi jumla ikawa 250 ml, tafuta ml kwa saa.

Ukali wa dawa uliupata vizuri. 200 mg ni 200,000 mcg, gawanya kwa 250, kila ml moja ina 800 mcg. Mstari uliofuata ukaandika `5 × 60 ÷ 800 = 0.375`. Sasa jiulize, hiyo 60 uliyoiweka ni ipi? Ni kilo za mgonjwa au ni dakika za saa moja?

Naamini hapo ndipo ulipoteleza, na ndiyo maana umerudia mara nne bila kuliona kosa. Kanuni uliyokariri ina "zidisha kwa 60" ndani yake. Ukaitazama kazi yako, ukaona 60 imo, moyo ukatulia. Kumbe iliyomo ni uzito. Mgonjwa angekuwa na kilo 72 ungeligundua mwenyewe palepale. Watunzi wa mitihani wanaujua mtego huu, na wengine hawautegi kwa makusudi, kilo 60 ni namba rahisi tu ya kuandika. Inatakiwa iwe hivi:

```
ml/saa = (mcg/kg/min × kg × 60) ÷ (mcg kwa ml)
       = (5 × 60 × 60) ÷ 800
       = 18,000 ÷ 800
       = 22.5
```

Dawa yangu kwa hili ni moja: usiandike namba ikiwa uchi. Andika "5 mcg × 60 kg = 300 mcg kwa dakika", kisha mstari wa pili "300 mcg × dakika 60 = 18,000 mcg kwa saa", halafu ndipo ugawanye kwa 800. Inakula mistari miwili zaidi ya karatasi, lakini kila 60 inakuwa na jina lake, na mwalimu naye anaona uliposimama hata kama jibu la mwisho litakosewa.

Halafu kuna kipimo ambacho kingekuamsha hata bila mwalimu. Ukishapata jibu, uliza mfuko utadumu muda gani. Kwa 0.375 ml kwa saa, 250 ml zingechukua karibu saa 667, yaani siku 27 na ushee. Mgonjwa ambaye presha imeshuka hadi kuwekewa dopamini, mfuko mmoja siku 27? Kwa 22.5 unaisha baada ya saa 11 hivi, na hilo linaingia akilini mwa yeyote aliyewahi kukaa zamu ya usiku na mgonjwa wa aina hiyo.

Swali la 2 halina neno. Lita moja kwa saa 8, mpira wa matone 20 kwa ml: 1,000 × 20 ÷ 480, inakuja 41.7, ukaandika matone 42 kwa dakika. Sawa. Ila hiyo 20 umepewa kwenye mtihani. Wodini hakuna wa kukupa, unaisoma kwenye pakiti ya mpira kabla hujaitupa. Mimi nilijifunza hilo kwa aibu. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, tukaagizwa 60 ml kwa saa. Kichwani nilikuwa na bureti ya matone 60 kwa ml, ambapo matone kwa dakika ni sawasawa na ml kwa saa, kwa hiyo nikajua ni matone 60. Bureti zilikuwa zimeisha, nikafunga mpira wa kawaida wa 20, nikashika saa na kuhesabu matone yangu 60 bila kubadilisha chochote. Hiyo ni 3 ml kwa dakika, 180 kwa saa. Mfuko wa nusu lita uliotakiwa kuvuka saa 8 ulikauka kabla ya saa 3 kutimia. Mgonjwa alikuwa kijana mwenye figo nzuri na ilikuwa maji ya chumvi tu, akaamka kukojoa mara nyingi basi. Sista inchaji aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akaokota pakiti kwenye ndoo ya taka na kunikabidhi. Hakusema kitu.

Fikiria ingekuwa ni hiyo dopamini. Ndiyo maana pasipo na pampu, 22.5 ml kwa saa huipeleki kwa mpira wa 20: ni matone 7 na nusu kwa dakika, nani atayahesabu hayo? Kwa mpira wa matone 60 ni 22 au 23, hapo angalau unaweza kuyafuatilia.

Swali la 1 sasa, na hapa naomba usinichukie. Mwalimu kaweka tiki, mimi nisingeweka. Wameuliza magnesiamu salfeti 4 g iwe ya 20%, na ampuli ulizonazo ni za 50%. Asilimia 50 maana yake 50 g ndani ya 100 ml, yaani nusu gramu kila ml, hivyo 4 g ni 8 ml. Hapo upo sawa. Kisha ukaandika "ongeza 20 ml maji ya sindano". Jumla inakuwa 28 ml, na 4 g ndani ya 28 ni 14% na kidogo, siyo 20. Ile 20 ml ni ujazo wote kwenye sirinji: dawa 8, maji 12. Mama wa kifafa cha mimba atapata gramu zake 4 zilezile ukimpa zote, lakini sirinji ya 20 itakukatalia ukiwa katikati ya kuchanganya, na swali liliuliza 20%. Nadhani mwalimu aliona 8 ml akasonga mbele. Kumwonyesha au kutomwonyesha, hilo ni lako na dhamira yako.

Swali la 4 limekatwa chini ya picha, naona tu "heparin 25,000" halafu kidole chako. Piga upya karatasi ikiwa mezani, mwanga utoke pembeni, na mstari wa ujazo wa mfuko uonekane, maana bila huo siwezi kupata yuniti kwa ml.