Singa zilizozidi: zipi za kumuuliza msimamizi?

Shikamoo mwalimu. Nina karakana ya kamba hapa Pongwe. Mhasibu ameweka kiwango cha matumizi cha kilo 5 za singa za mkonge kwa kila roli la kilo 5. Machi tulitoa roli 1,000, tukatumia kilo 5,500, kilo moja shilingi 4,000. Anasema tumepoteza milioni 2. Ni kweli?

Marahaba. Hesabu yake ni sahihi, lakini haikuonyeshi nani wa kuulizwa. Kilo 5 ziingie na kilo 5 zitoke, hicho ni kiwango kamilifu: hakuna vumbi, hakuna singa fupi zinazobaki kwenye kichanio, uzi haukatiki hata mara moja. Kwa kipimo hicho roli 1,000 zilistahili kilo 5,000, kwa hiyo mmezidisha kilo 500, na hizo ndizo milioni 2 zake.

Sasa chukua mizani uende kwenye mashine. Pima taka za kuchana peke yake na taka za kusokota peke yake, siku ambayo mashine ni nzima na watu wametulia. Tuseme umekuta kuchana kunatoa kilo 0.3 kwa roli, na vipande vya uzi uliokatika kilo 0.1. Basi kiwango kinachofikika ni kilo 5.4 (mafuta ya kulainishia singa tuyaache pembeni). Roli 1,000 zilistahili kilo 5,400. Mliyozidisha ni kilo 100, yaani shilingi 400,000, na hizo ndizo za kumuuliza msimamizi.

Shilingi 1,600,000 zinazobaki si uzembe wa mtu. Ni taka za kawaida kwa mashine hizo na singa hizo. Ukitaka kuzipunguza, badili mashine au nunua daraja bora, na uamuzi huo ni wa mwenye mali, si wa kijana anayesokota.

Madhara yake utayaona mwezi unaofuata. Tuseme Aprili mkatoa roli 1,000 kwa kilo 5,350. Kwa kiwango kinachofikika mmeokoa kilo 50, tofauti nzuri ya shilingi 200,000. Kwa kiwango cha mhasibu bado mna tofauti mbaya ya 1,400,000. Watu wamefanya kazi safi kuliko ilivyotarajiwa, halafu wanasomewa hasara! Ripoti ya namna hiyo wataacha kuisikiliza, na siku kutakapokuwa na upotevu wa kweli haitawashtua. Kiwango kamilifu kiweke kwenye daftari lako, kikuonyeshe ukubwa wa taka zote. Kisitumike kuwahukumu watu.

Fundi wetu anashauri tuchukue wastani wa mwaka jana tufanye ndiyo kiwango. Inafaa?

Hapana, dada. Mwaka jana una ndani yake kila kitu: mashine iliyokaa bila kunolewa, mfanyakazi mgeni, mzigo mbovu uliopokelewa bila kukaguliwa. Ukichukua wastani huo, uzembe wa jana unakuwa ruhusa ya leo, na tofauti zitatoka ndogo hata pale palipoharibika. Wastani utumie kujipima tu. Ukikuta 5.7 na mizani yako inasema 5.4, tafuta hizo 0.3 zilipopotelea kabla hujaandika kiwango chochote.

Tangu tuweke kiwango kinachofikika, tofauti ya matumizi inatoka nzuri kila mwezi. Tuendelee hivyo?

Kwanza pimeni maroli yaliyokwisha fungwa. Singa zinaweza kuonekana zimeokolewa kumbe roli lina kilo 4.9, na mteja ndiye anayelipia. Halafu tazameni tofauti ya bei. Kama mnunuzi ameacha mkonge wa daraja la UG akaanza kuleta daraja la 3L, lenye singa ndefu na safi zaidi, taka zitapungua lakini bei itakuwa imepanda. Tofauti hizo mbili zisomwe pamoja. Kama 3L ndiyo mtakayoendelea nayo, 5.4 imepitwa, pimeni upya.

Na muwe macho na masika. Singa zikinunuliwa na unyevu, zinapungua uzito ghalani, na upungufu huo unaangukia matumizi, msimamizi akalaumiwa kwa maji yaliyolipiwa na mnunuzi. Zipimeni wakati wa kupokea, mzipime tena wakati wa kuzitoa kwenda kwenye mashine. Pengo hilo liandikwe peke yake.

Mwisho wa mwaka, naweza kuthamini kamba zilizoko ghalani kwa kiwango kamilifu?

Usifanye hivyo. IAS 2, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mali iliyoko ghalani, inakubali gharama za kiwango pale tu zinapokaribia gharama halisi, nazo ziwe zimezingatia matumizi ya kawaida ya malighafi, kazi na uwezo wa kiwanda, na zipitiwe mara kwa mara. Kilo 5 haina taka za kawaida ndani yake, kwa hiyo kila roli litaingia kwenye vitabu likiwa pungufu kwa shilingi 1,600 za singa.